Njaa Inayojifanya Hofu: Mwongozo kwa Anayetetemeka Kati ya Mlo na Mlo

Saa 5 asubuhi mtu yuko kazini, hana ugomvi na yeyote. Ghafla mikono inaanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho jembamba linamtoka shingoni, na wazo moja linamwingia kichwani: kuna jambo baya linakuja. Wapo wanaokimbilia zahanati wakidhani ni presha au moyo, na wapo wanaoambiwa wana majini. Presha ikipimwa iko sawa, moyo ukisikilizwa uko sawa, naye anarudi nyumbani na jibu la "huna ugonjwa", halafu kesho yake mambo ni yale yale. Swali ambalo mara nyingi haulizwi ni dogo tu: umekula nini mara ya mwisho, na saa ngapi?

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Si kila hofu inatokana na njaa, na anayekuambia kwamba ukipanga chakula chako wasiwasi wote utakwisha anakudanganya. Kinachowezekana ni kuzitenganisha hizo hali: ipi inaletwa na tumbo tupu, ipi ina asili nyingine. Ile ya tumbo ina dawa ambayo nyingi yake ipo jikoni kwako tayari.

Kwanza, nani asianzie hapa

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kundi la glibenklamidi, kutetemeka kwako kunaweza kuwa sukari iliyoshuka kweli na kwa hatari. Usibadilishe saa za kula wala kiasi cha chakula kabla ya kuongea na kliniki yako, maana dozi yako ilipangwa kwa kufuata chakula chako. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Mjamzito, mtu anayenyweshwa au kutundikiwa kwinini kwa ajili ya malaria, na mtu anayekunywa pombe bila kula nao waanzie kwa daktari. Kwinini husukuma kongosho litoe insulini zaidi, na pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya.

Kuna kundi jingine dogo linalosahaulika: wanaotumia propranolo, iwe kwa presha, kwa kipandauso au kwa wasiwasi wenyewe. Dawa hiyo huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Mtu wa namna hiyo sukari ikimshuka anaweza kuona jasho tu, basi jasho lisilo na sababu asilipuuze.

Mwilini kunatokea nini

Damu yote ya mtu mzima, kwa wakati wowote ambao hajatoka kula, ina glukosi, yaani sukari ya damu, ya kama gramu 4 hadi 5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 5 kwa saa, mchana na usiku, kwa hiyo kijiko hicho lazima kijazwe bila kukoma. Anayekijaza ni ini. Ini ni ghala: ukila linaweka akiba ya kama gramu 100, na usipokula linatoa kidogo kidogo. Ndiyo maana unaweza kulala saa nane bila kula na ukaamka salama.

Sasa mpe mtu huyo kikombe kikubwa cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili ya unga mweupe. Katika damu yenye kijiko kimoja zinaingia gramu 50 au zaidi za glukosi ndani ya saa moja. Kongosho linamwaga insulini nyingi ili kuisukuma sukari hiyo kwenye misuli, kwenye mafuta na kwenye ini lenyewe. Insulini hiyo haiondoki mara tu kazi yake inapokwisha. Saa mbili hadi nne baadaye, kwa baadhi ya watu, sukari inashuka kwa kasi hadi chini kidogo ya ilipokuwa kabla ya kunywa chai. Wakati insulini bado ipo juu, ini halifungui akiba yake vizuri.

Mwili haungoji sukari iishe. Ikikaribia 3.8 mmol/L tu kwenye kipimo cha damu, unaanza kutoa homoni za glukagoni na adrenalini ili kuliamuru ini litoe akiba. Adrenalini hiyo ndiyo ile ile unayotoa ukikimbizwa na mbwa. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, tumbo kusokota na hisia ya hatari vyote ni kazi yake. Mwili unafanya kazi sawasawa, ila mwenye mwili hajui kwa nini, na akili isipopewa sababu huitafuta yenyewe. Mtu aliyewahi kupata shambulio la hofu akisikia moyo unadunda anasema "imeanza tena", na wazo hilo linaongeza adrenalini nyingine juu ya ile ya kwanza. Tatizo dogo la chakula linageuka kuwa dakika ishirini za kuona kifo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mitandaoni haliwapendezi wengi. Mtu asiye na kisukari akiruka mlo, ni nadra sukari yake kushuka hadi kiwango cha ugonjwa. Wengi wanaosema "sukari yangu imeshuka", wakipimwa wakati ule ule, wanakutwa na 4.2 au 4.6. Hiyo haina maana kwamba wamejitungia. Njaa, chai kali kwenye tumbo tupu, usingizi wa saa nne na mawazo ya kodi ya nyumba vikikutana vinatosha kutoa adrenalini hata sukari ikiwa kawaida. Jina la tatizo si lazima liwe "sukari kushuka", na dawa ya mpangilio wa chakula inaweza kusaidia vilevile.

Hatua ya kwanza: daftari la siku 10, bila kubadilisha kitu

Watu wengi wanapenda kurukia hatua ya kubadilisha chakula. Usifanye hivyo. Ukibadilisha kila kitu siku ya kwanza na hali ikatulia, hutajua kilichokusaidia, na ikirudi hutajua kilichoirudisha.

Chukua daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, na kwa siku 10 andika mambo manne tu: saa uliyokula au kunywa chochote chenye sukari, ulichokula kwa maneno machache, saa hali ilipokuja, na ulikuwa wapi ukifanya nini. Andika pia usiku ulilala saa ngapi. Usihesabu kalori wala kupima gramu. Mtu mwenye wasiwasi akipewa namba nyingi za kuhesabu anapata jambo jipya la kuhofia.

Chukulia dada mmoja mshonaji, cherehani yake iko Kariakoo na nyumbani kwake ni Mbagala. Anaamka saa 11 alfajiri. Saa 1 asubuhi anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili kwenye kibanda karibu na kituo. Chakula cha mchana anakula saa 9, mara nyingine hakili kabisa sare za shule zikimwandama, ila saa 7 anakunywa soda "ili kusukuma siku". Katika siku 10 daftari lake linaonyesha matukio manane. Matano yalikuja kati ya saa 4 na nusu na saa 6 mchana. Moja lilikuja saa 11 jioni, siku ambayo soda ya saa 7 ndiyo iliyokuwa chakula chake cha mchana. Mawili yalimpata ndani ya daladala jioni, gari likiwa limejaa na foleni haisogei, na moja kati ya hayo lilikuja nusu saa tu baada ya kula wali na maharage akashiba.

Daftari hilo tayari limesema mengi. Matukio sita yana saa yake: yanakuja saa tatu na nusu au zaidi baada ya kitu kitamu kilicholiwa bila kitu kingine cha maana. Yale mawili ya daladala hayana saa, yana mahali. Mtu aliyeshiba nusu saa iliyopita hajashikwa na njaa. Hayo mawili chakula hakitayaondoa, na ni bora ajue mapema kuliko kuongeza mayai kila siku akishangaa kwa nini daladala bado inamtisha.

Kuna mtego mmoja kwenye kusoma daftari. Watu husema, "Nilikunywa soda ikapoa, basi ilikuwa sukari." Shambulio la hofu lenyewe hufika kileleni ndani ya dakika kama 10 kisha hushuka, hata usipofanya lolote. Ukinywa soda dakika ya 8, dakika ya 20 umepoa, na soda inapewa sifa isiyo yake. Kwa hiyo usihukumu kwa nafuu peke yake. Hukumu kwa saa inayojirudia, na kwa kinachotokea ukihamisha mlo, jambo ambalo ndilo hatua inayofuata.

Hatua ya pili: badilisha mlo wa kwanza peke yake

Kwa siku 10 nyingine acha kila kitu kama kilivyo, ukibadilisha asubuhi tu. Lengo ni kwamba wanga wa asubuhi usiingie tumboni peke yake. Protini, mafuta kidogo na nyuzinyuzi hulifanya tumbo litoe chakula polepole, kwa hiyo sukari inapanda taratibu, insulini inatoka kwa kiasi, na hakuna mteremko mkali saa 4.

Kwa mtu wa kawaida hilo halihitaji duka kubwa. Mayai mawili ya kuchemsha yana protini ya gramu 12 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu kama 15 na nyuzinyuzi za kutosha. Ndiyo sababu kiporo cha maharage, kilichopashwa hadi kikachemka, ni kifungua kinywa bora kuliko mkate mweupe na siagi, ingawa mjini watu wanakionea haya. Viazi vitamu, magimbi au muhogo wa kuchemsha pamoja na maharage au mayai ni sawa. Chapati moja na kunde za nazi ni sawa. Ukitaka andazi lako, kula moja, na yai kando yake.

Uji unahitaji neno lake, kwa sababu watu wanauamini mno. Uji wa sembe wenye vijiko vinne vya sukari hautofautiani sana na ile chai na maandazi. Hata unga wa lishe, ule wenye nafaka sita au saba, ukisagwa laini na kupikwa sana humeng'enywa upesi. Uji unatulia ukitengenezwa kwa ulezi au dona, ukiongezwa maziwa na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, na sukari ikishushwa hadi kijiko kimoja. Kama unaupenda mchachu, weka ndimu au ubuyu.

Kiasi je? Mlo wa kwanza ukushibishe kwa saa nne. Ukianza kuwa na njaa saa mbili baada ya kula, mara nyingi kilichopungua ni protini, kwa hiyo ongeza yai au maharage kabla ya kuongeza kiazi. Na kama hujisikii kula alfajiri, usijilazimishe saa 11. Funga chakula ukale ukifika kazini saa 2. Wengine asubuhi wanapata kichefuchefu kwa sababu ya wasiwasi wenyewe. Hao waanze na kitu kidogo, ndizi moja na maziwa nusu kikombe, kisha wamalizie baada ya saa moja.

Chai na kahawa

Kafeini inastahili lawama zaidi ya inayopewa. Kikombe kikubwa cha chai nyeusi kina kama miligramu 40 hadi 50, na cha kahawa hufika 80 hadi 100. Kafeini huongeza adrenalini na yenyewe inaweza kuleta mtetemeko na moyo kudunda, hasa kwenye tumbo tupu na kwa mtu aliyelala kidogo. Nusu yake bado imo mwilini baada ya saa kama tano. Kwa hiyo kahawa ya saa 10 jioni inakula usingizi, usingizi mbovu unaongeza njaa ya vitamu kesho yake, na asubuhi unahitaji kahawa tena.

Usiiache ghafla, utaumwa kichwa siku mbili tatu. Fanya mambo mawili: kunywa chai au kahawa baada ya kula, usiitangulize, na usinywe baada ya saa 8 mchana. Sukari ya kwenye chai ipunguze nusu kijiko kila wiki. Ukifanya hivyo ulimi hauoni.

Hatua ya tatu: nafasi kati ya mlo na mlo

Wapo wanaoshauri ule kila baada ya saa mbili. Sikubaliani nao. Mwili wenye afya una ini, na saa nne hadi tano kati ya mlo na mlo ni nafasi ya kawaida kabisa. Unachozuia ni zile nafasi za saa saba au nane zinazotokea katikati ya kazi bila kupangwa, hasa baada ya mlo mtamu.

Kwa hiyo panga milo mitatu, na kitafunwa kimoja pale tu ambapo nafasi itazidi saa tano. Kitafunwa kiwe na protini au mafuta: mkono mmoja wa karanga za kukaanga, yai la kuchemsha la muuzaji wa barabarani pamoja na kachumbari yake, mtindi usiotiwa sukari, au parachichi nusu. Kashata ya karanga ni bora kuliko biskuti tupu, ila sukari yake ni nyingi, basi ichukue kama kionjo cha kahawa.

Mchana kwa mama ntilie huhitaji chakula maalum. Anza na mboga na maharage, au samaki au dagaa, kisha malizia na wali au ugali. Mpangilio huo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya kula. Ukiweza, tembea dakika 10 au 15 baada ya kula, hata kama ni kwenda kulipa luku. Misuli ikitembea hunyonya glukosi bila kuhitaji insulini nyingi. Soda kama lazima uinywe, inywe pamoja na mlo. Soda inayoshika nafasi ya chakula ndiyo mbaya zaidi, maana chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa, na hakuna chochote cha kuichelewesha.

Chipsi mayai nazo zina mafuta mengi, lakini kwa suala hili la mtetemeko zinakushika muda mrefu kuliko juisi na keki. Kila jambo na mahali pake.

Yaliyompata mshonaji

Katika siku 10 za pili alikula mayai mawili na kiazi kitamu, au kiporo cha maharage na chapati, saa 1 asubuhi. Chai aliinywa baada ya hapo, na kijiko kimoja cha sukari. Alipoona asubuhi zimetulia, siku ya sita akaongeza karanga saa 5 na kusogeza mchana hadi saa 8. Mtetemeko wa kabla ya mchana ulimjia mara moja tu, siku aliyolala saa nne kwa ajili ya kumaliza oda na kunywa kahawa mbili kabla ya saa 3. La jioni halikurudi. Ya daladala yalibaki mawili, kama mwanzo.

Mtu mwingine angesema mpango umefaulu nusu. Mimi naona umefaulu kabisa, kwa sababu sasa anajua anachokwenda kumwambia mshauri: hofu ya kubanwa mahali pasipo na njia ya kutoka. Hilo lina tiba yake ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua, na tiba hiyo hufanya kazi vizuri zaidi mtu asipoparamiwa na njaa kila saa 5.

Hali ikija ghafla, ufanye nini

Kaa chini. Kama uko juu ya bodaboda, paki kwanza. Kisha tazama saa ujiulize ulikula lini. Kama ni zaidi ya saa nne, au saa mbili hadi nne baada ya kitu kitamu kitupu, kula kitu kidogo: ndizi mbivu na karanga, au maziwa. Kama unatetemeka kiasi cha kushindwa kutafuna, nusu chupa ya soda au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji vinatosha. Hiyo ni gramu 15 hivi. Ngoja dakika 15, halafu kula chakula chenyewe. Usinywe chupa nzima ya soda ukaishia hapo, maana utakuwa umeanza mzunguko mwingine utakaofika saa 9.

Kama ulikula chini ya saa mbili zilizopita, usile. Hapo toa pumzi polepole: vuta ukihesabu nne, toa ukihesabu sita, kwa dakika tano. Ganzi ya midomo na vidole pamoja na hisia ya kukosa hewa mara nyingi hutokana na kupumua haraka mno, na chakula hakiigusi.

Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, kuzimia, kuchanganyikiwa, degedege, au upande mmoja wa mwili kulegea si mambo ya mwongozo huu. Nenda hospitali. Na aliyepoteza fahamu asimwagiwe chochote mdomoni, hata maji ya sukari, kwa sababu atapaliwa.

Kuna jambo moja la kuangalia baada ya wiki chache. Mtu hubeba biskuti mkobani kila aendako, na siku akiisahau anatetemeka kabla hata njaa haijafika. Hapo biskuti imegeuka hirizi. Ukijiona hivyo, na ukiwa umekula vizuri, toka kwa saa mbili bila kubeba kitu, kisha saa tatu, ili mwili ukuonyeshe kwamba una akiba yake.

Kupima sukari

Mashine ya kupima kwa tone la damu ipo kwenye maduka mengi ya dawa. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa wakati hali imekushika na kabla hujala. Ukipima baada ya soda umepima soda. Nawa kwa sabuni na ukaushe mikono, maana kidole kilichomenya embe kinaweza kutoa namba ya juu ya uongo. Mashine yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 15, kwa hiyo usibishane na tofauti ya 0.3. Ikiwa inaonyesha mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Namba ikiwa zaidi ya 3.9, sukari haikushuka, na hilo ni jibu pia. Kati ya 3.0 na 3.9, rudia siku nyingine na uzipeleke namba hizo kwa daktari. Chini ya 3.0 kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari inahitaji uchunguzi wa hospitali. Madaktari mpaka leo wanatumia masharti matatu yaliyowekwa na daktari mpasuaji Mmarekani Allen Whipple miaka ya 1930: dalili ziwepo, sukari ipimwe wakati huo ikutwe chini, na dalili ziondoke sukari inapopandishwa. Yote matatu yakitimia ndipo inaitwa sukari kushuka. Na kama ukipima asubuhi kabla ya kula unapata 7.0 au zaidi, tatizo lako ni la upande wa pili. Nenda ukapimwe kisukari.

Mwezi wa Ramadhani

Wengi wanashangaa kwamba wanafunga kutwa nzima bila kutetemeka, wakati siku za kawaida saa 5 tu wamelegea. Sababu moja ni kwamba aliyekula daku ya maana hana insulini inayopandishwa na kushushwa na chai tamu mchana kutwa. Ini linatoa akiba taratibu, kisha mwili unahamia kwenye mafuta. Kuumwa kichwa siku za mwanzo mara nyingi ni kafeini iliyokatwa ghafla, kwa hiyo anza kuipunguza Shaabani.

Daku icheleweshwe, kama ilivyo sunna, na iwe na maharage, mayai au mtindi badala ya chai na mkate. Kwenye futari fungua kwa tende chache na maji, kisha supu au uji, swali, ndipo urudi kwenye mihogo ya nazi na samaki. Kaimati na tambi zikitangulia kwenye tumbo tupu, mtetemeko wa saa 4 usiku hautakuwa na ajabu. Mwenye kisukari aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo.

Isipopungua

Wiki nne za kula kwa mpangilio zikipita na mapigo ya moyo bado yanakuja saa zozote, mchana na usiku, omba vipimo viwili kabla ya kukubali kwamba ni mawazo tu: wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu huufanya moyo kwenda mbio, na tezi ya thairoidi, ambayo ikizidi kazi huleta kutetemeka, jasho na kupungua uzito huku unakula vizuri. Na kama unaruka milo kwa makusudi kwa kuogopa unene, au kula kwenyewe ndiko kunakokutia hofu, mweleze hivyo mhudumu wa afya tangu mwanzo, kwa sababu matibabu yake ni tofauti na orodha ya vyakula haitoshi.

Ukienda, beba daftari. Mweleze mhudumu saa zinazojirudia, chakula kilichotangulia, namba za sukari ulizopima wakati wa tukio, dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, na kilichobadilika ulipobadilisha asubuhi. Dakika tano za maelezo hayo zitampa pa kuanzia kuliko kumwambia tu kwamba moyo unakwenda mbio.